Namna ya Kusimama Mbele ya Wanahisa Ukiwa Mikono Mitupu

Bwana Mwenyekiti, mwaka huu huna gawio. Bodi imekwisha kuamua, taarifa imetoka magazetini, na bei ya hisa imeshuka siku hiyohiyo. Kilichobaki ni hotuba yako katika Mkutano Mkuu wa Mwaka. Mwongozo huu ni wako, na sitakuficha kwamba nimeuandika nikiwafikiria zaidi wale watakaokaa mbele yako.

Anza kwa kuchukua rasimu uliyoandikiwa na idara ya mawasiliano, kisha futa kila palipoandikwa "changamoto" na "mazingira magumu ya kibiashara". Utashtuka ukiona ukurasa wa kwanza umebaki na salamu peke yake. Usiogope. Sasa una nafasi ya kusema jambo.

Halafu mjue msikilizaji wako. Mwenye hisa milioni tano hahitaji hotuba hii, maana alikwisha kumpigia simu mkurugenzi wa fedha. Unayezungumza naye ni mwalimu mstaafu mwenye hisa 2,000 alizonunua kampuni ilipouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Gawio la shilingi 2 kwa hisa humpa shilingi 4,000. Kodi ya asilimia 5 ikikatwa, kama inavyokatwa Kenya, anabaki na 3,800. Kwako hiyo ni bei ya chakula cha mchana na mgeni mmoja. Kwake ni mfuko wa mbolea na nauli ya kwenda kuusaka, na alikwisha kuipangia kazi tangu Januari. Hajaja kusikia habari za uchumi wa dunia. Amekuja kuuliza fedha zake zimekwenda wapi, na ana haki ya kujibiwa kabla hamjafika kwenye soda.

Basi sema mapema. Sentensi ya pili baada ya salamu iwe hii: "Mwaka huu Bodi haipendekezi gawio." Wenyeviti wengi huiweka ukurasa wa tisa, baada ya tuzo za mazingira na picha za miche iliyopandwa, na muda wote huo ukumbi mzima unasubiri neno hilo moja wala hausikii lolote lingine. Ukilitoa mwanzoni, watu watanung'unika dakika moja, kisha watakusikiliza.

Sasa fika kwenye kiini, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo hotuba nyingi zinapovunjika. Mwalimu ameshika kitabu cha taarifa ya mwaka. Ukurasa mmoja umeandikwa kwamba kampuni imepata faida. Wewe unasema hakuna gawio. Kwake, mmoja kati yenu wawili anadanganya, kitabu au wewe. Ukimjibu kwamba "faida si fedha taslimu" na kuendelea mbele, umemwacha palepale. Mfanyie hesabu mbele ya macho yake, kwenye skrini, kwa tarakimu kubwa.

Tuseme kampuni yako ina hisa milioni 300 na imepata faida ya shilingi milioni 800 baada ya kodi. Rudisha humo milioni 150 za uchakavu wa mitambo, kwa kuwa uchakavu hukatwa kwenye faida bila fedha yoyote kutoka mkononi. Umefika milioni 950. Sasa toa. Wateja walichukua mali kwa mkopo zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na deni lao limeongezeka kwa milioni 500: mauzo hayo yamo ndani ya faida, lakini fedha zake bado zimo mifukoni mwa watu. Mtambo mpya umelipiwa milioni 400. Benki imelipwa milioni 200 za mkopo wa zamani. Jumla ya vilivyotoka ni milioni 1,100, kwa hiyo mwaka wenye faida ya milioni 800 umepunguza fedha zenu benki kwa milioni 150. Mlianza na milioni 250, mmebaki na 100.

Nyamaza kidogo hapo, waandike. Kisha waonyeshe kile ambacho gawio lingefanya. Shilingi 2 kwa hisa ni milioni 600. Hata mkikomba milioni 100 zote zilizobaki, mtalazimika kukopa 500. Kwa riba ya asilimia 14 mkopo huo ungegharimu milioni 70 kwa mwaka, yaani senti 23 kwa kila hisa, na zingetoka kwenye magawio ya miaka inayokuja. Mwalimu aliyefundisha hesabu maisha yake yote ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Huenda bado akachukia, lakini atakuwa amechukia jambo lenyewe, na hilo ni bora kuliko kukushuku wewe.

Hesabu hiyo ina swali ndani yake, nalo litakuja, kwa hiyo jitayarishe. Ni nani aliyeruhusu wateja wadaiwe milioni 500 zaidi? Hili si jambo la mvua wala la vita vya nchi za mbali. Ni uamuzi wa menejimenti uliosimamiwa na Bodi yako. Useme mwenyewe kabla hujaulizwa, na utaje umri wa madeni hayo: kiasi gani kimepita siku 90, kiasi gani mmekwisha kukihesabu kuwa hakitalipwa. Ukiona mkurugenzi wa fedha anaanza kupekua makaratasi unapofika hapo, basi hotuba haijawa tayari, na ni heri ugundue hayo kwenye mazoezi kuliko ukumbini.

Kuna sababu za kweli za kunyima gawio, na wanahisa wa Kenya wamewahi kuziona. Machi 2020 Bodi ya Equity Group ilipendekeza shilingi 2.50 kwa hisa kutokana na faida ya 2019, jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 9. Mwishoni mwa Mei, Korona ikiwa imeshaingia, ililiondoa pendekezo hilo ili kubaki na fedha mkononi. Faida ilikuwepo, nyingi tu. Kilichokosekana ni uhakika wa miezi iliyofuata. Tazama pia wakati: pendekezo liliondolewa kabla ya wanahisa kuliidhinisha. Gawio la mwisho wa mwaka likishapitishwa na mkutano linakuwa deni la kampuni kwa kila mwanahisa, na kulirudisha nyuma si jambo la kutoa tangazo tu. Gawio lilirejea kwa mwaka wa 2021, shilingi 3 kwa hisa.

Kenya Power inafundisha upande mwingine. Wenye hisa za kawaida walikaa miaka kadhaa bila kitu, kisha katika mwaka ulioishia Juni 2024 kampuni ikatoka kwenye hasara ya shilingi bilioni 3.19 hadi faida ya bilioni 30.08, na gawio la senti 70 likapendekezwa. Sehemu kubwa ya mgeuko huo ilitokana na shilingi kupata nguvu dhidi ya dola, kwa kuwa kampuni ina mikopo mingi ya fedha za kigeni. Mwanahisa anayetazama bilioni 30 na kupewa senti 70 atauliza kwa nini kidogo hivyo. Jibu ni kwamba deni linapopungua thamani vitabuni kwa sababu ya bei ya dola, faida huonekana, lakini hakuna mteja aliyeleta noti. Kama faida yako ni ya namna hiyo, itenge kwenye skrini kwa rangi yake, watu wasiipangie matumizi.

Baada ya sababu, watu watataka kujua lini. Usiseme "mwakani". Hujui, na wao wanajua hujui. Taja masharti yanayopimika: madeni ya wateja yakirudi chini ya kiwango fulani mnachokitaja kwa tarakimu, mkopo ukimalizika mwezi fulani, na mtambo mpya ukianza kuzalisha. Kama benki imeweka sharti la kutolipa gawio mpaka mkopo ufikie kiasi fulani, liseme. Wenyeviti hulificha sharti hilo kwa aibu, ilhali ndilo linaloeleweka upesi kuliko yote: kila aliyewahi kukopa kwenye sako anajua maana ya mdai mwenye masharti.

Litakuja pia wazo la kuwapoza watu kwa hisa za bonasi, moja kwa kila kumi. Likija, kuwa mkweli. Mwalimu atakuwa na hisa 2,200 badala ya 2,000, lakini kampuni ni ileile, imekatwa vipande vingi zaidi, na bei ya kila kimoja hushuka kulingana. Hajapata mbolea. Ukizitoa, zitoe kwa sababu zake, wala usiziite zawadi.

Kabla ya siku yenyewe, soma ajenda yako kama adui. Chini ya "kutolipwa gawio" kuna kipengele cha malipo ya wakurugenzi, ambacho wanahisa hukipigia kura. Kama malipo hayo yamepanda mwaka ambao mwalimu amekosa 3,800, hakuna hotuba ya kukuokoa, na sitajaribu kukuandikia. Yashusheni, au angalau yabaki yalipokuwa, na mfanye hivyo kwenye kikao cha Bodi, si baada ya kuzomewa. Naona huu ndio mtihani halisi wa mwenyekiti: kugawana uhaba kumeanzia juu au chini?

Maswali yakianza, usimkatize mzee anayezunguka. Atafika. Kama mkutano ni wa mtandaoni, kama ilivyozoeleka tangu 2020, usichague maswali mepesi yaliyotumwa kwa simu na kuyaacha magumu. Yasome yote, au uchapishe majibu yote yaliyobaki. Mtu akisimama na kudai mkutano upige kura ya kulazimisha gawio, mweleze kwa heshima kwamba kwa kawaida katiba za kampuni huruhusu wanahisa kupitisha au kupunguza kile Bodi ilichopendekeza, si kukizidisha. Mweleze pia anachoweza: kupiga kura dhidi ya kuchaguliwa tena kwa wakurugenzi, wewe ukiwemo. Ukiwa umefanya kazi yako vizuri, kumwambia hivyo hakutakugharimu.

Mwisho, weka meza ya msajili wa hisa karibu na mlango, na watu wawili wenye orodha. Baadhi ya waliokuja wana magawio ya zamani ambayo hayakuwahi kuwafikia kwa sababu walihama, walibadilisha akaunti ya benki, au hisa bado zina jina la marehemu. Kwa Kenya, gawio likikaa miaka mitatu bila kuchukuliwa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali zisizodaiwa, na mwenyewe au warithi wake bado wanaweza kulidai. Wasaidieni kujaza fomu palepale. Wapo watakaotoka mkutano usio na gawio wakiwa wameanza safari ya kupata lile la miaka minne iliyopita.