Namna ya Kumhonga Afisa wa Wakala wa Ajira Bila Kutoa Shilingi

Sogea karibu nikunong'oneze. Wakala wa ajira hana kazi ya kukupa. Kazi iko kwa mteja wake, yaani kampuni inayomlipa ili aitafutie mtu. Ni dalali, kama yule wa vyumba: mpangaji mwingine, mwenye nyumba mwingine, na yeye anakula kwa kuwakutanisha. Watafuta kazi wengi husahau hilo, wakamwandikia kwa kumbembeleza utadhani yeye ndiye bosi, halafu wanashangaa simu haiiti.

Siku barua yako inapofika, mara nyingi afisa hana nafasi inayokufaa. Anaingiza taarifa zako kwenye mfumo na kuendelea na mambo yake. Wiki kadhaa baadaye mteja anapiga simu, anataka mtu na anamtaka haraka. Afisa anaandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, majina yanajitokeza, anawapigia wachache, kisha anampelekea mteja wale wanaofaa. Barua yako inapigania dakika zile. Kwa hiyo mhonge afisa kwa kitu anachokosa kuliko vyote: muda. Mfanyie nusu ya kazi yake, naye atakupenda bila kujua sababu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Tuseme wewe ni mtunza stoo. Una miaka minne kwenye ghala la soda na maji pale Chang'ombe, Dar es Salaam, na unataka mahali penye maslahi zaidi.

1. Kuwa mtu mmoja

Ifute ile sentensi ya "niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa." Najua inatoka wapi, tumefundishwa kwamba mwombaji hachagui. Lakini hakuna mteja anayempigia wakala simu akaagiza mtu wa kazi yoyote. Anaagiza mtunza stoo, dereva wa lori, mhasibu msaidizi. Ukijiita mtu wa kila kitu, hakuna neno litakalokuibua kwenye mfumo.

Chagua jina moja la kazi, uliandike kama linavyoandikwa kwenye matangazo. Kwa kuwa mawakala wengi wa mjini huyaweka majina ya kazi kwa Kiingereza, kwenye kichwa cha barua weka yote mawili:

```
YAH: Mtunza stoo / Storekeeper - Dar es Salaam
```

Faili nalo lipe jina linaloeleweka, mfano `Storekeeper_Dar_JinaLako.pdf`. Afisa akilipakua faili linaloitwa `scan0012.pdf`, kesho hatalipata hata akitaka. Kama pia unajua udereva, utaje kwa mstari mmoja huko chini.

2. Andika maneno atakayokuibia

Sasa tunafika kwenye kiini cha ujanja wenyewe, na hapa usiwe na haraka.

Barua nyingi huanza hivi: "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 27, mwenye afya njema, mchapakazi, mwaminifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu." Hakuna mstari wowote hapo ambao afisa anaweza kumpelekea mteja. Kila mwombaji ni mwaminifu kwenye barua yake.

Afisa akishakuchagua, lazima amwandikie mteja maelezo mafupi: huyu ni nani na kwa nini nimekuletea. Hiyo ndiyo kazi inayomchosha. Basi mwandikie wewe. Chini ya salamu, weka maelezo mafupi kwa nafsi ya tatu, tayari kunakiliwa:

"Mtunza stoo mwenye uzoefu wa miaka 4 kwenye ghala la vinywaji, Dar es Salaam. Hupokea na kutoa mzigo, huingiza kumbukumbu kwenye Tally, na huongoza hesabu ya stoo kila mwisho wa mwezi. Alipunguza tofauti ya hesabu kutoka kreti 60 kwa mwezi hadi chini ya 10, kwa kutenganisha kumbukumbu za kreti tupu zinazorudi na zile zilizojaa."

Tazama ile sentensi ya mwisho. Kila mwenye ghala la vinywaji analijua tatizo la kreti tupu: gari linarudi jioni, zinashushwa kwa haraka, karani anaandika kwa kukisia, na mwisho wa mwezi vitabu vinasema hivi, ghala linasema vile. Bosi huishi akihisi anaibiwa. Akisoma mistari ile anasikia kuna mtu aliyeuona ugonjwa wake na kuutibu. Afisa naye anajisikia fundi aliyejua kuchagua. Umewafurahisha watu wawili kwa sentensi moja, na hukujisifu hata kidogo, maana namba zimekusifia.

Sharti ni moja: weka namba unayoweza kuieleza kwenye simu. Afisa atauliza, "Ulifanyaje?" Ukiwa uliifanya kweli, utajibu kwa dakika moja: ulifungua kitabu cha pembeni cha kreti tupu, dereva akawa anasaini palepale getini, siyo kesho yake. Ukiwa uliibuni, utaanza kusema "tulijitahidi sana kama timu," naye atakushukuru na kukata simu. Kama huna namba ya aina hiyo, taja ukubwa wa kazi: aina ngapi za bidhaa, magari mangapi kwa siku, vijana wangapi chini yako. Hayo kila mtu anayo.

Na programu uitaje kwa jina lake. "Nina ujuzi wa kompyuta" hakuna anayeitafuta. Tally inatafutwa. Excel inatafutwa. Cheti cha kuendesha foklifti, kama unacho, kinatafutwa.

3. Jibu maswali kabla hayajaulizwa

Kuna mambo matatu ambayo afisa hawezi kukupeleka kwa mteja bila kuyajua: unaishi wapi, utaanza lini, unataka shilingi ngapi. Ukiyaacha, inabidi akupigie kuuliza tu, na akikukosa mara moja anahamia kwa anayefuata.

Kuhusu makazi, taja eneo na utakakoweza kwenda. "Naishi Mbagala, naweza kufanya kazi Temeke na Kigamboni, au kuhamia mkoani." Inatosha.

Kuhusu kuanza, usiandike "mara moja" kama bado umeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mteja mzoefu akiona "mara moja" kwa mtu mwenye kazi, anajiuliza kama na yeye utamkimbia hivyohivyo. Andika "notisi ya siku 28," usonge mbele.

Kuhusu fedha, hapa ndipo wenye aibu wanapoumia. Kwa mwajiri unaweza kusema tutaelewana. Kwa wakala usiseme hivyo, maana hawezi kukulinganisha na nafasi asiyojua kama utaikubali. Mpe kiwango cha chini na cha juu, na uandike wazi kama ni kabla ya makato au ni cha mkononi. Ukisema 800,000 ukiwaza mkononi, naye akaandika 800,000 kabla ya makato, basi 10% ya NSSF peke yake inaondoka na 80,000, zinabaki 720,000, na kodi ya PAYE bado haijaguswa. Mtagombana siku ya mkataba, na kila mmoja atakuwa alisema kweli.

4. Usipelekwe mara mbili

Ujanja huu wachache wanaujua. Ukijiandikisha kwa mawakala watatu, ni haki yako. Lakini wawili wakipeleka jina lako kwa kampuni ileile, kila mmoja atasema huyu ni wangu, na mteja anaweza kukuweka kando ili asiingie kwenye mabishano ya nani alipwe. Mbaya zaidi, wakala asiye makini anaweza kuipeleka CV yako kwa bosi wako wa sasa.

Sentensi moja inakukinga na yote mawili: "Naomba mnipigie kabla ya kuwasilisha jina langu kwa kampuni yoyote." Simu hiyo ikija, uliza jina la kampuni na uliandike mahali, pamoja na tarehe. Wakala wa pili akikutajia jina hilohilo, mwambie ukweli kwamba umeshapelekwa. Atakuheshimu, kwa sababu umemwepusha na aibu mbele ya mteja.

5. Tuma kidogo

Barua ukurasa mmoja, CV kurasa mbili, faili moja la PDF, basi. Cheti cha darasa la saba, cha kuzaliwa na barua ya mtendaji wa mtaa viache nyumbani hadi viombwe. Wadhamini nao uwaambie mapema kwamba wanaweza kupigiwa, mdhamini anayeuliza "nani huyo?" anakuharibia kwa maneno mawili.

Tuma kwa wakala mmoja mmoja. Barua pepe yenye anuani za mawakala kumi zikionekana juu inamwambia kila mmoja kwamba yeye ni wa bure.

Na ukiambiwa ulipe "ada ya fomu" ili jina liingie kwenye orodha, ondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, uliweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada, iwe wazi au kwa njia ya kuzunguka, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma. Anayemlipa dalali huyu ni mwajiri. Anayekutoza wewe ili uandikwe, biashara yake ni kuandika majina, na huenda hana mteja hata mmoja.

6. Soma simu ya kwanza

Afisa akikupigia na kukuuliza, "Wewe hasa unafanya kazi gani?" barua imeshindwa, irudie kuanzia kichwa. Akiuliza, "Bado uko pale Chang'ombe?" imefanya kazi yake, umo kwenye orodha na amekusoma.

Kama kimya kinatawala, usiandike barua ya kulalamika. Mifumo mingi humwonyesha afisa ni lini taarifa za mtu ziliguswa mwisho, na majina ya zamani huyapita kwa kuhofia namba imebadilika. Baada ya miezi mitatu mtumie ujumbe mfupi wenye jambo jipya la kuandika: "Habari za kazi. Ni yule mtunza stoo wa Dar. Mwezi huu nimepata cheti cha foklifti, na notisi yangu bado ni siku 28. Simu ni ileile."