Konokono Hana Protini

Kuku wa mayai ni kiumbe asiye na huruma. Kila siku anakula gramu 110 hadi 120, bei ya mfuko wa chakula ipande au ishuke. Ndiyo maana mtaa wetu hapa Dodoma umegeuka kiwanda. Kila ua una turubai, koleo na mtu mmoja anayejiita mtaalamu.

Mtaalamu wa kwetu ni shemeji yangu. Kwa miaka yote amekuwa akichanganya kwa debe: mahindi debe kadhaa, pumba debe moja, mashudu debe moja, dagaa kisado, na konokono “kiasi”. Ukimuuliza kiasi gani, anakwambia, “Shemeji, mkono unajua.” Mkono haujui kitu. Debe la mahindi na debe la pumba ni ndugu kwa sura tu. Wapandishe kwenye mizani uone kama wana baba mmoja. Chakula cha kuku kinapimwa kwa kilo.

Juzi kaja na daftari, kajifunza hesabu. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Alitaka kilo 100 zenye protini asilimia 16, ambayo kwa kuku anayetaga inatosha. Akapiga hesabu ya nafaka na mashudu, ikatoka sawasawa, kilo 100 kamili. Halafu akachukua kilo 10 za konokono waliosagwa, unga wa mifupa, chumvi na premiksi, akamwaga juu ya lundo. “Hivi si chakula, ni viungo tu,” akasema.

Shemeji, konokono hana protini! Zile kilo 16 za protini sasa zimetawanyika ndani ya kilo 110. Gawanya mwenyewe: asilimia 14.5. Kuku anakula anashiba, anataga yai dogo, kisha anapumzika, na wewe unamtafuta mchawi.

Watu wengi wanaanza na mahindi kwa sababu ndiyo mengi. Anza na konokono. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu karibu asilimia 3.5 ya chakula chake, na magamba ya konokono, kama ya chaza, yana kalsiamu asilimia 38 hivi. Kwa kilo 100 weka kilo 8 za konokono, utapata kilo 3 za kalsiamu na kidogo. Kilo moja na nusu ya unga wa mifupa na kalsiamu iliyomo kwenye dagaa vinaziba pengo. Ongeza robo kilo ya chumvi na robo kilo ya premiksi ya kuku wa mayai, ukisoma kipimo kwenye pakiti yake. Jumla kilo 10. Zimebaki kilo 90, na hizo 90 ndizo zenye kazi ya kubeba kilo 16 zote za protini. Kumi na sita kwa tisini ni karibu asilimia 18. Hiyo ndiyo namba unayoipigia hesabu. 16 iache kwenye daftari la shemeji.

Sasa chora mraba. Katikati andika 18. Pembe ya juu kushoto andika protini ya upande wa nafaka. Mahindi yana asilimia 9 hivi, pumba zimezidi kidogo; ukichanganya mahindi sehemu nne kwa pumba sehemu moja, hesabu 9. Pembe ya chini kushoto andika protini ya upande wa mashudu. Mashudu ya alizeti tuseme 28, dagaa tuseme 52. Mashudu sehemu tatu kwa dagaa sehemu moja inakupa 34. Kisha toa kwa mshazari: 34 toa 18 ni 16, hizo ni sehemu za nafaka. 18 toa 9 ni 9, hizo ni sehemu za mashudu na dagaa. Jumla sehemu 25. Kilo 90 gawa kwa 25, zidisha kwa 16, unapata nafaka kilo 58 hivi. Zinazobaki 32 ni za upande wa pili.

Kwa hiyo: mahindi yaliyoparazwa kilo 46, pumba 12, mashudu 24, dagaa 8, na zile 10 za mwanzo. Rudia kujumlisha protini: nafaka zinatoa kilo 5.2, mashudu 6.7, dagaa 4.2. Ni 16.1. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Shemeji ana diploma.

Sasa nimlalamikie muuza dagaa, maana kwake hesabu zote zinaharibika. Ile 52 ni ya dagaa. Yeye anauza dagaa na ufuko wa ziwa pamoja. Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unatulia chini, nawe unaona kabisa umenunua nini. Onja pia: kama ni chumvi tupu, ile robo kilo ya chumvi iache.

Mashudu nayo yana ujanja wake. Yaliyokamuliwa na maganda yake kwenye mashine ndogo yanaweza kushuka chini ya 25, na maganda hayo yanajaza tumbo bila kutia nguvu. Ukiyaona yana vijiti vyeusi vingi, andika 24 kwenye hesabu, urudie mraba. Wala usifikirie kuondoa dagaa wote ili uokoe hela: alizeti ni maskini wa lisini, na dagaa ndio wanaoifidia. Pumba nazo usizizidishe. Mchanganyiko huu tayari una nguvu ya wastani tu; ukiongeza pumba, kuku atakula zaidi na faida itabaki bandani.

Halafu mahindi ya kuvu. Watu wanayatenga yasiliwe nyumbani, wanasema “haya ya kuku”. Sumukuvu haibagui; inaharibu ini la kuku na utagaji unashuka. Yatupe.

Kuchanganya kwenyewe: premiksi na chumvi hazirushwi juu ya lundo. Zichanganye kwanza na kilo mbili tatu za pumba, ndipo uzitandaze, na upindue lundo lote kwa koleo mara nne au tano. Konokono wengine waache wawe chenga za ukubwa wa punje ya mtama. Gamba la yai hujengwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala, na chenga hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka taratibu; vumbi hupita mapema. Yai likitoka na gamba laini, angalia kwanza hapo.

Na chakula hiki si cha vifaranga wala mitetea ambayo haijaanza kutaga. Kalsiamu nyingi hivyo inawaua figo. Shemeji ameshauliza mara mbili.

Nunua mizani kabla ya kununua koleo, na toa kilo za konokono kabla hujagusa protini. Asiyeweza hayo mawili anunue mfuko dukani, alipe, asilalamike. Kulalamika niachieni mimi.