Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA: Pongezi kwa Kitufe cha Simu

Kwa Mkurugenzi wa TEHAMA,
Taasisi ya Umma (jina nimelihifadhi, mwenyewe unajijua),
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KITUFE CHA "PIGA SIMU SASA"

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kukupongeza kwa tovuti mpya ya taasisi yako. Utepe ulikatwa, keki ikaliwa, na ukurasa wa mbele umepambwa kwa picha za viongozi wakikagua mambo mbalimbali. Chini yake, baada ya kidole kuteremka mpaka kuchoka, kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa "Piga Simu Sasa". Hicho ndicho kilichonigusa. Si kila ofisi ya umma inayoweza kumfungia mwananchi mlango na papo hapo ikaandika "Karibu" juu yake.

Mimi ni Mtanzania niishiye Nairobi, na riziki yangu naipata kwa kutengeneza tovuti. Nilikuwa nafuatilia cheti changu. Nikabonyeza kitufe kwa laini yangu ya Kenya, simu ikaita mara mbili, ikapokewa. Nilishtuka, maana sikuzoea kupokewa haraka namna hiyo na ofisi yako.

"Haloo? Wewe pia ni wa cheti?" akauliza mama mmoja, nyuma yake kelele za soko.

Nikamjibu ndiyo.

"Hapa si ofisi, hapa ni Gikomba, nauza mitumba. Lakini wenzako walisema lazima upeleke risiti ya benki kwanza. Uko nayo?"

Risiti sikuwa nayo. Mama akanipa pole, akaniaga kwa adabu, akarudi kwa wateja wake. Kwa hiyo pongezi ya kwanza ni hii: mmefungua dawati la huduma kwa wateja nje ya nchi bila kibali cha ajira wala mshahara, na mhudumu wake anaujua utaratibu wenu kuliko kijitabu mlichokitundika kwenye tovuti. Nashauri apewe posho ya kikao.

Nilipofungua msimbo wa ukurasa nikaona jinsi alivyoajiriwa. Tarakimu nimezificha ili mama apumzike:

```html
<a href="tel:07XXXXXXXX">Piga Simu Sasa</a>
```

Neno `tel:` huiambia simu kwamba kinachofuata ni namba ya kupigwa. Simu haiulizi namba hiyo ni ya nchi gani. Huikabidhi kwa mtandao iliomo kama ilivyo, na mtandao huisoma kwa desturi za nyumbani kwake. Tanzania, namba za mkononi zina tarakimu kumi na huanza na sifuri, nyingi zikiwa za 07. Kenya hali ni hiyohiyo, Uganda hivyohivyo, na Rwanda nako vilevile. Ukiandika namba ya kwenu bila kutaja nchi, umeandika namba ambayo Nairobi inaweza kuwa ya mama wa Gikomba, na Kampala ikawa ya dereva wa bodaboda. Hata Mtanzania aliyesafiri na laini yake ya nyumbani haponi, kwa sababu akiwa Nairobi laini hiyo inahudumiwa na mtandao wa Kenya, na namba fupi ya nyumbani inaweza kutafsiriwa Kikenya.

Bila shaka kamati ya mapokezi ya mradi ilikijaribu kitufe. Naamini walikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, wakabonyeza kwa simu zenye laini za Tanzania, simu ya dawatini ikalia, wakapiga makofi, wakasaini hati. Kasoro hii ina adabu sana mbele ya wakubwa: haionekani kabisa mpaka uvuke Namanga.

Ukurasa wa "Wasiliana Nasi" nao ni kazi ya mtu mwingine, aliyesikia kwamba wageni huhitaji 255. Huyu aliandika hivi (tarakimu za mwisho nimezibadili):

```html
<a href="tel:+255 (0) 22 111 2345/6/7">Simu ya mezani</a>
```

Hapa nashindwa kuficha mapenzi yangu. Ndani ya mstari mmoja kuna alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, sifuri iliyofungwa mabano mithili ya mahabusu, na namba tatu zilizobanwa pamoja kama abiria wa daladala. Mtu akiisoma kwa macho anaelewa: ukiwa nje ruka sifuri, ukiwa ndani acha 255, na laini ziko tatu. Simu haina macho hayo. Yangu ilitupa nafasi, mabano na mikwaju, kisha ikaunganisha kila tarakimu iliyobaki: +255022111234567. Nilizihesabu zikawa 15, ambao ndio ukomo wa urefu wa namba ya kimataifa kwa kanuni ya E.164 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Taasisi yako imetumia mgao wote ambao dunia inaruhusu, na bado haipatikani.

Mharibifu mkuu hapo ni ile sifuri. Ipo ili kuiambia mitambo ya ndani ya nchi kwamba simu inakwenda nje ya eneo lake, mathalani mtu wa Mwanza anapopiga 022 kuitafuta Dar es Salaam. Mpigaji akishataja 255, sifuri haina kazi tena, na ikiachwa inahesabiwa kuwa sehemu ya namba. Mabano hayaiondoi. (Kuna nchi zisizofuata hivyo. Italia, namba za mezani hubaki na sifuri yao hata baada ya 39, kwa hiyo asije mshauri wenu akaandika programu ya kufuta kila sifuri duniani.)

Mstari unaofanya kazi ni mfupi kiasi kwamba nahofu hauwezi kulipiwa kama mradi:

```html
<a href="tel:+255221112345">+255 22 111 2345</a>
```

Upande wa kushoto, baada ya `tel:`, ni kwa ajili ya simu: alama ya kujumlisha, 255, 22 bila sifuri, halafu tarakimu saba, pasipo nafasi hata moja. Upande wa kulia ni kwa ajili ya binadamu, kwa hiyo weka nafasi utakavyo ili namba isomeke. Waraka wa RFC 3966 wa Desemba 2004, unaoeleza namna ya kuandika viungo hivi, unaruhusu vistari, nukta na mabano upande wa simu, lakini nafasi hauziruhusu. Mimi huacha tarakimu tupu tu, maana kistari kinachonakiliwa kutoka kwenye barua ya Word mara nyingi si kile cha kwenye kibodi. Laini zikiwa tatu, viungo navyo viwe vitatu.

Najua kuna mjumbe atakayesimama kikaoni kuuliza kama mwananchi wa Temeke hatatozwa gharama ya simu ya nje kwa sababu ya hiyo +255. Hatatozwa. Alama ya kujumlisha humaanisha "hapa inaanza namba kamili ya kimataifa", na kila mtandao wa simu za mkononi huitafsiri kwa namna yake. Aliye Uingereza angelazimika kuanza na 00, aliye Marekani 011, aliye Tanzania akipiga nje 000. Alama hiyo moja inawasitiri wote. Mtandao wa Tanzania ukiona +255 unatambua kuwa ni simu ya humuhumu, unaitoza kama ya humuhumu. Kwa hiyo hakuna haja ya vitufe viwili, kimoja cha wazawa na kingine cha diaspora, hata kama kuzindua viwili kungeleta keki mbili.

Niliangalia pia ukurasa wa malipo kwa iPhone. Namba ya akaunti yenu ya benki imegeuka buluu, na ukiigusa simu inataka kuipigia. Safari ya kwenye iPhone huwinda yenyewe mfululizo wa tarakimu unaofanana na namba ya simu na kuugeuza kiungo. Wakati huohuo, namba halisi ya mkuu wa kitengo imo ndani ya picha ya bango, haiguswi wala hainakiliki. Yaani akaunti inapigika, mkuu hapigiki. Uwindaji huo huzimwa kwa mstari mmoja kwenye kichwa cha ukurasa, na viungo mlivyoandika wenyewe kwa `tel:` hubaki vikifanya kazi:

```html
<meta name="format-detection" content="telephone=no">
```

Mkuu wa kitengo itabidi atolewe kwenye picha kwa mkono.

Kuhusu namba ya bure ya 0800 mliyoitangaza kwa herufi kubwa "kwa Watanzania popote walipo duniani", hapo msimbo hausaidii. Namba ya bure hulipiwa na mpokeaji kwa makubaliano na mitandao ya nchi yake, na mitandao ya nje kwa kawaida haiipitishi, hata ukiivisha +255. Iacheni kwa walio nyumbani, na pembeni yake iwekwe namba ya kawaida kwa ajili ya hao wa popote duniani.

Kabla ya kamati kukutana tena, naomba wajumbe wasikijaribu kitufe kwa kompyuta ya ofisini, kwa kuwa kompyuta itauliza tu ifungue programu gani, na kikao kitaahirishwa. Watumie simu. Waguse kitufe, wasipige, wasome namba iliyotokea: ianze na +255, tarakimu inayofuata isiwe sifuri, na zote kwa jumla ziwe 12. Kisha mtu mmoja mwenye laini ya Kenya au Oman apige kweli, asikie nani anapokea. Safari ya kikazi haihitajiki. Ndugu walioko huko ni wengi na watafanya hivyo bure.

Mwisho, ukitaka ufafanuzi, usinipigie kwa namba iliyo kwenye fomu yenu ya malalamiko. Niliandika namba yangu ya Kenya kuanzia +254, fomu ikanijibu kwa wino mwekundu kwamba alama ya kujumlisha hairuhusiwi na kwamba namba sahihi ina tarakimu kumi zinazoanza na sifuri. Nikatii. Mkiipiga kutoka Dar es Salaam, huenda akapokea Mtanzania asiyejua lolote kuhusu cheti changu. Mwambieni alete risiti ya benki kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji wa cheti,
Nairobi.