Geuzeni Sumaku, Jamani

Mwanafunzi wa siku hizi anaamini namba iliyotokea kwenye skrini kuliko anavyomwamini baba yake mzazi. Najua ninachosema: kazi yangu ni fundi wa maabara ya fizikia, na kila muhula nawasimamia wakipima athari ya Hall. Kipande cha silikoni, mkondo wa umeme, sumaku, voltimita. Kazi ya saa moja. Lawama zangu ni za muhula mzima.

Zoezi lenyewe ni tamu, ndiyo maana nakasirika. Unapitisha mkondo kwa urefu wa kipande, unaweka sumaku ikichoma kutoka juu kwenda chini, halafu unapima volti kwa upana. Sumaku inazisukuma chaji pembeni. Sasa sikia uhondo: ndani ya silikoni umeme unaweza kubebwa na elektroni, ambazo ni hasi, au na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, zinazotembea kana kwamba ni chaji chanya. Kwa mkondo ule ule, elektroni na matundu hukimbilia pande tofauti, lakini sumaku inavisukuma vyote kwenye ukingo mmoja! Kwa hiyo ukingo ule ukiwa hasi, wabebaji ni elektroni; ukiwa chanya, ni matundu. Edwin Hall aliiona volti hii mwaka 1879 kwenye jani la dhahabu, miaka 18 kabla Thomson hajaitambulisha elektroni. Alitumia jani jembamba kwa sababu kadiri kitu kinavyokuwa kinene, ndivyo volti inavyonywea.

Basi juzi kanijia kijana mmoja, mbio mbio.

"Shikamoo mzee. Nimemaliza."

"Marahaba. Umepata nini?"

"Chanya, milivolti 3.75. Ni matundu."

Nikamwuliza kama aligeuza sumaku. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee anayesimulia bei za zamani. "Nimegeuza mkondo, mzee. Alama imegeuka pia. Iko sawa."

Haiko sawa. Nyaya mbili za pembeni zimelehemiwa kwa mkono, na mkono wa binadamu haulengi. Moja ilikuwa imetangulia mwenzake kwa nusu milimita tu. Kipande kina upana wa milimita 5, unene wa nusu milimita, na ukinzani mahususi wa om-sentimita 5. Ukipitisha miliampea 1, ile nusu milimita ya nyaya peke yake inazaa milivolti 10 ambazo hazihusiani na sumaku hata kidogo. Ukigeuza mkondo, nazo zinageuka, zinajichanganya na volti ya Hall kama wageni waalikwa. Ukigeuza sumaku ndipo zinapoumbuka: Hall inageuka, zenyewe zinabaki palepale.

Tukaigeuza. Voltimita ikasema chanya 16.25. Kijana akataka kuandika wastani, nikamshika mkono. Usijumlishe, toa! 3.75 toa 16.25, gawa kwa mbili: hasi 6.25. Kwa jinsi nilivyofunga nyaya zangu, hasi ni elektroni. Yale matundu yake yakafutika mbele ya macho yake.

Idadi ya wabebaji sasa inakuja yenyewe:

n = IB/(q·t·V)

Sumaku yetu ni tesla 0.5, na q ni chaji ya elektroni moja, kulombu 1.6 × 10⁻¹⁹. Kwa V unaweka ukubwa tu, bila alama. Jibu ni elektroni 10¹⁵ katika kila sentimita ya ujazo. Ukichanganya na ule ukinzani, unapata wepesi wao wa kusafiri: µ = 1/(q·n·ρ), yaani 1,250 kwa kipimo cha cm²/V·s. Hiyo ndiyo silikoni ya elektroni ninayoijua.

Kinachoniuma ni kwamba kijana angeweza kujikamata mwenyewe. Kwa zile 3.75 zake, wepesi wa hayo "matundu" unatoka 750. Matundu ya silikoni kwenye joto la kawaida la chumba hayafiki hata 500! Yeye hakushangaa. Ripoti yake ilikuwa imeshapigwa chapa, ina jalada la plastiki.

Wengine wakipata namba za ajabu wanaandika "kifaa kibovu". Kifaa kizima. Wamekiacha wazi karibu na dirisha, na mwanga ukiipiga silikoni unazaa elektroni na matundu mapya, volti inacheza ngoma, kisha mbovu ni mimi na kifaa changu. Kifuniko cheusi kipo mezani, wanakitumia kuegeshea simu.

Kwa hiyo kundi la Alhamisi, nawasihi: funikeni kipande, na mniletee volti mbili, moja kwa kila upande wa sumaku. Mwenye volti moja asinipe shikamoo, arudi kupima.