Besi ya Shemeji na Barua ya Mwalimu

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na nyumba ya kukodi, nakueleza wewe kwa sababu hapa kwangu hakuna anayenisikiliza. Ukiwa na shemeji mvuvi wa omena, zoea kuutazama mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, omena hufuata mwanga, na nyavu huwakusanya. Mwezi ukipevuka, ziwa zima hung'aa na taa hukosa kazi. Mvuvi hubaki nchi kavu na pesa za giza lililopita mfukoni, na usiku mzima hana la kufanya.

Hapo ndipo shemeji yangu, ambaye sisi humwita Profesa wa Besi, hupakia spika zake kwenye bodaboda na kuja kwa dada yake. Anatoka Karungu, upande wa Migori, nasi tuko hapa Magunga, upande wa Homa Bay. Mpaka wa kaunti haujawahi kumzuia.

Safari hii alikuwa na sababu. Kitinda mimba wetu, tunayemwita Chifu kwa jinsi anavyotoa amri, alikuwa anatimiza miaka mitatu. Mke wangu, Nyar Karungu, alinihakikishia kwamba ni keki tu, soda tu, na watoto wa ploti. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshaarifiwa kwamba nimekubali.

Sasa nikueleze ploti yetu, maana bila hiyo hutaelewa kesi. Ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mabati. Kuta zinazotutenganisha hukomea pale mbao za paa zinapoanzia, na juu yake ni uwazi mrefu kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Jirani akikaanga kitunguu, sote tunajua chakula kitaiva saa ngapi. Sauti nyembamba, kama ya mtangazaji wa redio, ukiipunguza kidogo humezwa na pazia na nguo zilizotundikwa. Besi haina adabu hiyo. Hupita kwenye ukuta wenyewe, hushuka sakafuni, kisha hupanda kutikisa mabati. Kufunga mlango ni kujidanganya. Vifuniko vya sufuria vikianza kulia rafuni, jua kwamba jirani wa chumba cha mwisho naye anatikisika kitandani. Profesa aliziweka spika zake chini, zikiegemea ukuta wa jirani. Anasema ndipo besi hunenepa.

Watoto walikula keki wakasinzia. Watu wazima wakaanza. Kutoka nyimbo za watoto tuliingia benga, kutoka benga tukaingia ohangla, na ohangla ikamwamsha Waya, shangazi yangu, ambaye kutwa alikuwa akilalamika magoti. Magoti yalipona. Akapiga sigalagala iliyoamsha mbwa hadi ng'ambo ya soko. Nyar Karungu hajaacha kunikumbusha kwamba spika ni za ndugu yake, sawa, lakini mbwa waliamshwa na ukoo wangu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na mimi nikiwa miongoni mwa wasiotaja, ni kwamba ilikuwa Ijumaa. Landilodi wetu ni mwalimu mstaafu, na ni Msabato. Wasabato ni wengi pande zetu tangu wamisionari wao walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kwao Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Kwa hiyo ohangla yetu iliingia katikati ya siku takatifu ya mwenye nyumba, anayeishi nyuma ya ploti hiyo hiyo, na ikakaa humo hadi saa saba usiku. Tulizima tulipotoka nje na kumwona Mwalimu amesimama kwenye mbalamwezi, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Hakusema neno. Akageuka, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi nilitaka kukimbilia kwake nikaombe radhi. Nyar Karungu akanishika shati. "Baba Chifu, umemharibia Sabato kwa kelele, sasa unataka kummalizia na kesi?" Alikuwa na haki, kama kawaida yake. Nikangoja hadi jua litue. Wakati wa kungoja nilimtembelea rafiki yangu anayewaandikia watu barua na fomu pale sokoni, nikitumaini ataniambia sheria iko upande wangu.

Haikuwa. Chumba chetu kodi yake haifiki shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo kiko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Sheria hiyo humlinda mpangaji: mwenye nyumba hawezi kumfukuza hivi hivi tu, lazima apate amri, na amri hutolewa kwa sababu zilizotajwa. Nilianza kutabasamu. Kisha akanisomea sababu hizo. Mojawapo ni mpangaji kuwa kero kwa majirani zake, yeye mwenyewe au mtu yeyote anayekaa au kulala kwake. Nikamfikiria Profesa, ambaye wakati huo alikuwa amelala kwenye kochi langu, miguu imevuka mkono wa kochi. Kwa hiyo utetezi niliokuwa nimeuandaa, kwamba ni shemeji, haukuwa utetezi. Ulikuwa ushahidi.

Rafiki yangu hakuishia hapo. Kwa kanuni za kelele za mwaka 2009, usiku huanza saa mbili na dakika moja, na katika makazi ya watu kelele za usiku zisizidi desibeli 35. Nilimuuliza hiyo ni kiasi gani. Akaniambia ni juu kidogo ya mnong'ono. Ndugu msomaji, kwangu hakuna anayenong'ona. Waya akiomba dua kimoyomoyo husikika hadi kwenye tenki la maji.

Kazi ya kuandika barua alipewa binti yetu wa sekondari, tunayemwita Karani. Aliandika insha nzuri. Mwalimu alitakiwa buheri wa afya kama barafu ya Kilimanjaro. Kisha: "Kelele kidogo zilisikika katika sherehe ndogo ya mtoto. Tunasikitika ikiwa kuna aliyesumbuka. Jambo hili halitarudiwa tena." Nyar Karungu alifuta jina la ndugu yake kila lilipojitokeza. Nikapeleka barua Jumamosi usiku, nikaisukuma chini ya mlango, nikakimbia.

Jumapili asubuhi ilikuwa imerudi chini ya mlango wangu, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Pale penye "kidogo" palikuwa na mstari na alama ya kuuliza. Penye "zilisikika": "Nani alizipiga?" Penye "ikiwa kuna aliyesumbuka": "Majina." Penye "halitarudiwa tena": "Nitajuaje?" Chini kabisa: "4/10. Sarufi safi. Toba haipo. Rudia."

Nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaona mzee ana hoja. "Ikiwa kuna aliyesumbuka" ni maneno ya mtu anayetaka kusamehewa kosa ambalo bado analikana. Na "halitarudiwa" ni ahadi isiyopimika, maana mimi naweza kusema sikupiga kelele, nilipiga muziki. Ahadi inayomfaa mwenye nyumba ni ile ambayo hata yeye, akiwa kitandani, anaweza kutazama saa na kujua kama imevunjwa.

Ila majina yalitulazimu kutembea. Kabla ya kumwandikia tena tulizunguka mlango kwa mlango. Nesi wa chumba cha mwisho alikuwa ametoka zamu ya mchana na alitakiwa kurudi alfajiri, hakupata usingizi. Mama wa chumba cha pili alikuwa na mtoto mchanga. Fundi cherehani hakukasirishwa na muziki. Alikasirika kwamba hakuitwa. Tukagundua pia kwamba wageni waliacha bomba la tenki wazi, na Jumamosi nzima ploti ilichota maji mbali. Hilo Mwalimu hakuwa amelijua. Karani alishauri tulinyamazie. Mama yake akamtazama, likaandikwa. Barua ya pili ikawa hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Ijumaa, kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku, tulipiga muziki wa spika kubwa nyumbani kwetu. Mgeni alikuwa wetu, na lawama ni yetu. Tuliiharibu Sabato yako, tukamnyima usingizi nesi, na tukamsumbua mama mwenye mtoto mchanga. Wote tumewaendea. Wageni wetu pia walimaliza maji ya tenki, nasi tumeagiza punda alete mengine leo kwa gharama yetu. Tangu sasa, Ijumaa jua likitua hapatapigwa spika. Siku nyingine, spika itazimwa ifikapo saa mbili usiku. Spika kubwa haitaingia tena ndani ya ploti. Tukiwa na sherehe tutakuarifu wewe na majirani mapema, na ukikataa tutaifanyia kwingine. Tunaomba utuelewe na utuvumilie, na utuache tuendelee kukaa kwako."

Hii sikuisukuma chini ya mlango. Tulienda wawili, mimi na Nyar Karungu, kwa sababu mwenye nyumba akimwona mume peke yake hudhani ametumwa, na mara nyingi hakosei. Mwalimu alisoma polepole, akatikisa kichwa penye punda, akauliza kama mtoto mchanga ameshatulia. Akatoa kalamu. Akaandika 8/10. Nilitaka kuuliza mbili zimeenda wapi, mke wangu akanikanyaga mguu.

"Mbili nimeziweka," akasema Mwalimu, "nione mwezi ujao ukipevuka."

Profesa alisafirisha spika zake kurudi Karungu, akilalamika kwamba Magunga hakuna utamaduni. Nikadhani mambo yameisha. Sikujua kwamba Karani alikuwa amenakili ahadi zetu kwenye karatasi ngumu na kuzibandika ukutani juu ya redio, wala kwamba Chifu, ambaye hajui kusoma, alikuwa ameelezwa maana yake. Mechi za Ulaya nizipendazo huanza saa nne au saa tano usiku. Jumatano nilipofungua redio, sauti ya chini kabisa, Chifu alitoka kitandani amevuta shuka, akaonyesha ukuta kwa kidole, akasema, "Baba, Mwalimu!" Nilimweleza kwamba redio si spika. Nyar Karungu akaniuliza kutoka gizani, basi sauti inatokea wapi?

Sasa nasikiliza mpira kwa vifaa vya sikioni. Kile cha kulia kilitafunwa na Chifu, kwa hiyo nasikiliza kwa sikio moja, na timu yangu ikifunga bao nashangilia kwa kuinua mikono. Mwalimu hajalalamika.