Mpwa wa Mteja na Mbuzi Anayelia

Siku hizi mteja akileta kazi ya tangazo la sekunde 15, haji peke yake. Anakuja na mpwa wake. Mpwa ana miaka 19, kwa hiyo ni mtaalamu wa vijana, na ushauri wake ni mmoja: "Anko, gawa kioo. Juu weka tangazo, chini weka Subway Surfers. Hawatoki!"

Sawa, hawatoki. Lakini wanatazama nini? Kijana atakodolea macho yule mtoto anayekwepa treni, na unga wa chapati tunaoutangaza utapita huko juu kama msiba wa mtaa wa pili. Tena mchezo ule una wenyewe. Kuutia kwenye tangazo la biashara bila ruhusa ni kujitafutia barua ya wakili.

Kama kugawa ni lazima, basi nusu zote mbili ziongelee unga. Skripti yangu ilikwenda hivi: sekunde 0 hadi 3, kioo kizima, chapati ngumu inagongwa mezani, ko! Sekunde 3 hadi 8, kioo kinagawanyika: juu chapati ngumu inakunjwa na kupasuka, chini chapati yetu inakunjwa na kukunjuka. Sekunde ya 8, muziki unakatwa ghafla, kioo kinarudi kizima, na chapati yetu inachanwa taratibu, kimya. Kisha pakiti na bei.

Kile kimya ndicho kishtuo. Sikio lililozoea kelele hugutuka likinyimwa, na hapa linagutuka bei ikiwa mlangoni. Anayetazama bila sauti naye hakusahaulika, maana kioo kimebadilika mbele yake. Mpwa hakuridhika. Alitaka kishtuo kila sekunde: king'ora, mbuzi anayelia, maandishi yanayotetemeka. Jamani, kinachotokea kila sekunde hakimshtui mtu. Hayo ndiyo mazoea yenyewe!

Wanaonichosha kuliko mpwa ni waandishi wanaoandika "mhariri achangamshe hapa" wakaenda kula. Achangamshe na nini? Mhariri hana picha ambayo haikupigwa. Video ya simu ya 1080 kwa 1920 ukiigawa juu na chini, kila nusu ni 1080 kwa 960, karibu mraba. Mpigapicha asipojua hilo mapema, atampiga mpishi wima kuanzia kilemba hadi kikaango, na siku ya kuhariri utachagua moja: kilemba au chapati. Bei nayo usiitupe chini kabisa, kwani huko maelezo na vitufe vya programu vitaifunika.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, andika dokezo kabla kamera haijawashwa: sekunde ya ngapi, nini kinabadilika, nini kinabaki, sauti ya nani inasikika. Na mpwa wa mteja mpe soda, akainywee nje.