Andika Hapo, Dada

Ni nani aliyeamua kwamba mwenye mwandiko unaosomeka ndiye katibu wa kudumu? Kila Jumanne madaktari, muuguzi wa vidonda, mfamasia, mtu wa lishe, mtu wa mazoezi ya viungo na maofisa ustawi wa jamii hujibana kwenye chumba kilicho nyuma ya wodi ya wanaume, kujadili wagonjwa ambao shida zao zinagusa idara zaidi ya moja. Wenzangu huja na utaalamu wao. Mimi huja na daftari. Na kila hoja inapokorogeka hadi hakuna anayeielewa, mwenyekiti hunigeukia na kusema kwa upole: "Andika hapo, dada."

Niandike nini, jamani?

Chukueni mgonjwa wa tarehe 30 Septemba. Mkulima, mtu mzima, ana kisukari, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekataa kufunga. Alijadiliwa mpaka chai ikapoa. Daftarini kwangu kilibaki hiki: "Mguu, picha? Sukari 18. HbA1c irudiwe. Insulini chunguni. Kiatu!! Kadi. Wiki mbili. Tutaona." Kutoka kwenye hilo rojo natakiwa kutoa muhtasari wenye safu tatu: azimio, mhusika, tarehe. Sehemu ya "Mahudhurio" na "Kufungua kikao" naiandika hata nikiwa nasinzia. Ni hizo safu tatu zinazonizeesha.

Kikaoni hakuna mtu anayefanya jambo peke yake. Tutapiga picha, tutamwelimisha, tutamtafutia kiatu. Ukiwasikiliza utadhani watu saba watashika kiti kimoja cha magurudumu na kukisukuma pamoja hadi chumba cha eksirei. Nikiuliza nani hasa, najibiwa "andika idara". Idara haina simu ya mkononi, na haiulizwi Jumanne ijayo kwenye "Yatokanayo". Kadi ya bima ya mzee huyu ilikuwa imeisha muda, ikakabidhiwa "ustawi wa jamii", nao wako wawili. Nawajua: kila mmoja ataondoka akiamini mwenzake ndiye anayeshughulikia. Nikawaomba wachague mmoja kabla hawajanyanyuka, na wakaniangalia kama mtu anayedai deni msibani. Lakini wakachagua. Sasa naandika jina moja tu kwa kila azimio, na kama mwenye jina anaanza likizo, naandika na wa kumshikia.

Tarehe ndizo zina vituko zaidi. Daktari mmoja kijana alisema HbA1c irudiwe wiki ijayo, nami nilikuwa nimeshaanza kuandika, mfamasia akakohoa. Kipimo hicho hakisomi sukari ya leo. Kinasoma sukari iliyojipachika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takribani siku 120. Ukikirudia wiki ijayo utapata karibu jibu lile lile na utakuwa umekula hela ya mgonjwa bure. Basi ikawa miezi mitatu. Nikahesabu: tarehe 30 Desemba, yaani katikati ya Krismasi na mwaka mpya, mkulima yuko kwao anachinja jogoo. Nikauliza kama Jumanne ya tarehe 6 Januari itaharibu kitu. Haikuharibu. Sukari ya kila siku, ambayo ndiyo ilikuwa 18, ina safu yake: muuguzi wa zamu, asubuhi kabla hajala, kuanzia kesho.

Halafu ile "picha?" yangu. Daktari wa upasuaji alitaka eksirei ya mguu aone kama mfupa umeanza kuliwa. Daktari wa magonjwa ya ndani akasema hata ikitoka safi yeye haiamini, na hapo wakaanza kuvutana mbele ya mandazi. Nilikuwa naandika majina ya wanaovutana mpaka nikatambua kwamba wote wawili wanasema jambo moja: uambukizo wa mfupa unaweza usionekane kwenye picha katika wiki mbili tatu za mwanzo. Picha mbaya ni habari. Picha safi ni subira. Hilo haliandikiki kwa "eksirei ifanyike", maana anayesoma ataiona picha safi, atafurahi, atamruhusu mtu aende nyumbani na mfupa unaooza. Nililiandika hivi, nikawasomea kwa sauti:

"Eksirei ya mguu wa kushoto ipigwe Jumatano tarehe 1 Oktoba; mhusika, daktari wa zamu wodi ya wanaume. Ikionyesha mfupa umeliwa, daktari wa upasuaji aitwe siku hiyo hiyo. Ikiwa safi, irudiwe Jumatano tarehe 15 Oktoba. Mhusika ni yule yule. Suala la kukata kidole halijaamuliwa. Litajadiliwa kikao cha kwanza baada ya picha ya pili, au mapema zaidi mguu ukibadilika."

"Nimesema wiki mbili," akalalamika daktari wa upasuaji. "Wiki mbili ni Jumanne ya tarehe 14."

"Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, daktari. Eksirei watakuwa na wagonjwa wa dharura tu."

Akanyamaza. Kuhusu ile "halijaamuliwa", mwenyekiti alitaka niiondoe kwa sababu inaonyesha tumekaa bila kuamua. Ndiyo, tulikaa bila kuamua. Nikiandika "ilikubaliwa", siku moja mtu atalifungua faili na kunoa kisu kwa mwandiko wangu mzuri. Pale nisiposikia azimio naacha nafasi tupu, naipitisha mkononi siku hiyo hiyo, na mwenye azimio anaijaza mwenyewe mbele yangu.

Chungu ndicho kilinipendeza. Mzee hana friji, anaweka insulini ndani ya chungu chenye ubaridi wa maji, na nusu ya chumba ikaguna kwa mshangao. Mfamasia akawatuliza: chungu kinasaidia sana kuikinga na joto, kinachomsumbua yeye ni chupa yenyewe, ambayo mzee aliifungua "kabla ya palizi". Insulini nyingi za chupa, zikishafunguliwa, huhesabiwa kama siku 28 hivi, hata kama dawa imebaki. Kwa hiyo tarehe hii haianzi kikaoni. Azimio likawa kwamba mfamasia ampe chupa mpya siku ya kuruhusiwa, na binti yake, mbele ya mfamasia, aandike kwa kalamu isiyofutika siku atakayoifungua na siku ya kuitupa. Safu yangu ya tarehe ilikuwa nyembamba mno kwa maelezo hayo. Nikaipanua, ikala safu ya "Maoni", ambayo haijawahi kuwa na maoni.

Kiatu cha kuondoa uzito kwenye kidonda kilipata jina la mtu wa mazoezi ya viungo na Ijumaa ya tarehe 3, baada ya mimi kukataa kufunga daftari.

Tukafika "Mengineyo". Mtu akauliza mbona mandazi yamekuwa machache. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wenzangu wanajua kutoa maazimio, tena bila kusukumwa. Mandazi 20, yasiyo na iliki. Mhusika, mtu wa lishe. Yafike Jumanne saa 2 na nusu kamili. Akiwa kliniki, apokewe na muuguzi wa vidonda. Yakipungua, kikao kiahirishwe.

"Umeandika, dada?"

Neno kwa neno.